Kumpelekea mwandishi stori ya biashara yako: mfano wa dagaa wa Kigoma ziwa linapofungwa

Waandishi wa habari mkoani Kigoma hupokea ujumbe mwingi wenye sura moja: "Naomba uje unitangaze, nina biashara nzuri ya dagaa." Ujumbe huo haujibiwi, na si kwa dharau. Mwandishi hawezi kuupeleka kwa mhariri wake, kwa sababu mhariri atamuuliza, "Kuna jipya gani hapo?" naye hatakuwa na la kujibu. Kazi yako wewe mwenye biashara ni kumpa mwandishi jibu la swali hilo kabla hajaulizwa, pamoja na ushahidi anaoweza kuukagua bila kukutegemea wewe.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho: mama anayekausha na kuuza dagaa katika mwalo wa Katonga, Kigoma Ujiji. Mama huyo ni wa mfano, na hesabu za daftari lake ni za mfano pia, kwa hiyo usizichukue kama bei za soko. Mazingira yake ndiyo ya kweli. Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, shughuli za uvuvi zilisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Tuseme basi tuko mwezi wa nne, tangazo la kufunga ziwa limeshatoka tena, na mama wa Katonga anataka stori yake iandikwe.

Anza na swali ambalo watu tayari wanalo

Mama huyu ana mambo mengi ya kujivunia. Alianza na beseni moja, ameajiri vijana, anasomesha watoto, dagaa wake hawana mchanga. Yote hayo ni ya kweli, lakini hakuna msomaji aliyeamka asubuhi akiyauliza. Ziwa linapokaribia kufungwa, swali lililo mdomoni mwa kila mtu kuanzia Kibirizi hadi Ujiji ni lile la riziki: miezi mitatu hiyo tutaishije? Waandishi karibu wote watalipeleka swali hilo kwa wavuvi, maana ndio wanaoonekana wakivuta boti nchi kavu. Mchakataji, ambaye naye riziki yake imesimama, huwa hasikiki.

Hapo ndipo engo ya mama wa Katonga ilipo, yaani upande mmoja ambao stori yake itaandikwa kuanzia hapo. Mwaka jana yeye aliuza dagaa muda wote ziwa lilipokuwa limefungwa, kutokana na akiba aliyoikausha juu ya vichanja kabla ya Mei 15. Engo yake inaenea katika sentensi moja: "Ziwa limefungwa, mchakataji huyu bado anauza, na hivi ndivyo anavyofanya." Ukiona huwezi kuisema engo yako kwa sentensi moja ya namna hiyo, usiandike ujumbe bado. Ipime sentensi hiyo kwa njia hii: ondoa jina la biashara yako halafu uisome. Ikiwa bado mtu asiyekujua angetaka kujua zaidi, hiyo ni stori. Ikiwa imebaki tupu, ulikuwa na tangazo, na tangazo lina mlango wake ambao nitaufikia.

Jihadhari na maneno "wa kwanza Tanzania," "bora kuliko wote" na "mkombozi wa wanawake." Mwandishi makini akiyaona huanza kutafuta mtu aliyekutangulia, na kwa kawaida humpata. Usiingie pia katika mambo usiyoyamiliki. Mama wa Katonga anajua kilo alizokausha na kilo alizouza. Kwamba dagaa wameongezeka au wamepungua ziwani kutokana na kufungwa, hilo ni la watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi nchini, ambao wana kituo Kigoma. Akilisema yeye, mwandishi atashuku hata yale anayoyajua kweli.

Daftari ndilo litakalokubeba

Hapa nakaa zaidi, kwa sababu stori nyingi za biashara ndogo hufia hapa. Mwandishi anakuja, anavutiwa, anauliza, "Uliuza kiasi gani?" anajibiwa, "Nyingi sana, namshukuru Mungu." Anarudi mjini bila kitu cha kuandika.

Mama wa Katonga anahitaji namba tatu au nne tu, ila kila moja iwe na karatasi nyuma yake. Ya kwanza ni akiba: Mei 14 mwaka jana alipima kilo 600 za dagaa wakavu akazifunga ghalani. Ya pili ni hasara: hadi Agosti 15 alikuwa ameuza kilo 564, na kilo 36 zilikuwa zimeota ukungu au kuliwa na wadudu, yaani kilo 6 katika kila 100. Ya tatu ni ya kulinganisha: mwaka wa nyuma yake, alipokuwa akianika mchangani, katika akiba ya kilo 400 alitupa kilo 100. Bila hiyo namba ya tatu, zile mbili za kwanza hazisemi kitu. Msomaji hajui kama kilo 36 ni nyingi au ni kidogo mpaka aambiwe ilivyokuwa zamani.

Namba ya nne ni faida, na hiyo ndiyo inayoharibiwa na wengi. Mtu hununua na kukausha kwa gharama ya shilingi 20,000 kwa kilo, akaja kuuza kwa wastani wa 28,000, basi anamwambia mwandishi: "Nimepata faida ya 8,000 mara kilo 600, milioni nne na laki nane." Siyo kweli. Zilizouzwa ni kilo 564, kwa hiyo kilichoingia ni 15,792,000. Kilichotoka ni 12,000,000 za mzigo wote wa kilo 600, pamoja na zile zilizoharibika, na 900,000 za kodi ya ghala, magunia, mlinzi na matengenezo ya nyavu za vichanja. Ukitoa 12,900,000 katika 15,792,000 zinabaki 2,892,000. Tofauti kati ya namba hizo mbili inakaribia milioni mbili. Mchakataji mwenzake akisoma gazetini "milioni nne na laki nane" atajua kwa dakika moja kwamba hesabu haijakaa sawa, na atawaambia wengine. Kumbuka pia kwamba hapo mama hajajilipa mshahara wake mwenyewe wa miezi mitatu. Akimweleza mwandishi hivyo waziwazi, atazidi kuaminika.

Sasa karatasi. Stori hii ina shaka moja kubwa ambayo mwandishi yeyote wa Kigoma ataifikiria hata asipoisema: dagaa wanaouzwa mwezi wa saba, ziwa likiwa limefungwa, wametoka wapi? Asipojibiwa mapema, stori ya akiba inaweza kugeuka kuwa stori ya uvuvi haramu. Kwa hiyo mama anaandaa kumbukumbu za manunuzi zenye tarehe za kabla ya Mei 15, stakabadhi za ushuru wa mwalo, na nakala za vibali vya kusafirisha mazao ya uvuvi vinavyoonyesha kilo na tarehe za kila mzigo uliotoka. Anazipanga kwa mwezi, anazipiga picha kwa simu kwenye mwanga wa kutosha, na anahakikisha jumla ya karatasi inaoana na daftari. Ikiwa kuna mzigo uliosafiri bila kibali, au leseni imekwisha muda, hilo linatengenezwa kwanza na stori inasubiri. Mwandishi akiligundua baada ya kufika, atalazimika kuliandika.

Baada ya karatasi, watu. Tafuta wateja wawili waliokubali kupigiwa simu, na uwe umewaomba ruhusa kabla ya kutoa namba zao. Mmoja akiwa mbali, tuseme mwenye duka Tabora anayepokea mzigo kwa treni, ni bora zaidi, kwa kuwa si jirani yako. Kisha tafuta mtu asiyekubaliana nawe. Najua hili halizoeleki, lakini mwandishi atalazimika kutafuta upande wa pili, na ukimwelekeza kwa mchakataji mwenzako anayeona vichanja ni ghali mno, umemrahisishia kazi na stori yako imepata uzito. Ofisa uvuvi wa manispaa atatafutwa na mwandishi mwenyewe. Wewe taja tu kwamba anakufahamu, ikiwa kweli anakufahamu.

Jambo la mwisho kuhusu daftari: sema mipaka yake kabla hujaulizwa. Mama wa Katonga analinganisha miaka miwili tofauti, na mvua za miaka miwili hazifanani. Huenda sehemu ya ile hasara ya kilo 100 ililetwa na mvua iliyozidi, si mchanga peke yake. Sentensi moja ya kulikiri hilo inatosha.

Nani apelekewe, na lini

Soma magazeti na sikiliza redio kwa majuma mawili ukiwa na swali moja: nani ameandika habari za ziwa, masoko au wanawake wa mialo? Andika jina lake. Mwandishi wa Mwananchi, HabariLeo au Nipashe aliye Kigoma anajua mhariri wake anapenda nini, na redio za mkoani, kama Joy FM, zina vipindi vinavyotafuta sauti za wenyeji. Ukikosa namba ya mwandishi, uliza Kigoma Press Club. Walio Tabora wana klabu yao pia.

Chagua mmoja. Ukituma ujumbe uleule kwa watu kumi, wote hukutana klabu au kwenye kundi lao la Whatsapp na kugundua, na kila mmoja humwachia mwenzake. Ikiwa stori yako ina sauti nzuri, kwa mfano mabishano ya bei mwaloni alfajiri, anza na redio. Ikiwa nguvu yake iko kwenye hesabu, kama hii ya mama wa Katonga, gazeti linaifaa zaidi.

Kuhusu wakati, Kigoma ina kalenda yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki vizuri, kwa hiyo boti nyingi hupumzika. Mwandishi akija siku hizo atakuta vichanja vitupu. Mwaka 2024 mwezi ulikuwa mpevu usiku wa kuamkia Aprili 24 na giza lilikuwa kubwa Mei 8, kwa hiyo nafasi nzuri ya mwisho ya kupiga picha za dagaa wabichi ilikuwa katika wiki mbili za kwanza za Mei. Baada ya Mei 15 hapakuwa na picha hiyo tena. Fungua kalenda ya mwaka wako, tafuta giza la mwisho kabla ya tarehe ya kufunga, halafu rudi nyuma wiki mbili: hiyo ndiyo siku ya kutuma ujumbe. Mwandishi anahitaji muda wa kumwomba mhariri ruhusa, kuja, kutafuta upande wa pili na kuandika. Ukisubiri ziwa lifungwe ndipo utume, utamkuta ameshaandika ya wavuvi na meza ya habari imeshalichoka jambo lenyewe.

Ujumbe wenyewe

Uwe mfupi wa kusomeka kwenye simu bila kuhangaika, na engo iwe katika mistari ya juu. Usiambatanishe picha ishirini. Mbili zinatosha: moja ya vichanja vyenye dagaa, moja ya ukurasa wa daftari. Mama wa Katonga angeandika hivi:

"Habari za asubuhi, dada. Mimi ni mchakataji wa dagaa mwalo wa Katonga. Nimesoma habari yako ya wavuvi wanaojiandaa kwa kufungwa kwa ziwa, ndiyo maana nakuandikia.

Mwaka jana ziwa lilipofungwa, niliendelea kuuza dagaa miezi yote mitatu. Nilikuwa na akiba ya kilo 600 niliyoikausha juu ya vichanja kabla ya Mei 15, zikaharibika kilo 36. Mwaka wa nyuma yake nilianika mchangani, na katika kilo 400 nilitupa 100. Mvua za miaka hiyo hazikuwa sawa, lakini tofauti ni kubwa.

Nina daftari, stakabadhi za ushuru na vibali vya kusafirisha vyenye tarehe. Wateja wawili wamekubali kupigiwa. Yupo pia mchakataji mwenzangu anayeanika mchangani, anayeona vichanja havilipi. Amekubali kuzungumza nawe.

Boti zitaingia na mzigo kati ya tarehe (andika) na (andika). Ukifika saa moja asubuhi utatukuta tunaanika. Ziwa likishafungwa hutayaona hayo mpaka Agosti.

Nimekuandikia wewe peke yako. Nitasubiri jibu lako mpaka Ijumaa."

Angalia kisichokuwamo. Hakuna historia ya maisha, hakuna "naomba msaada wako," na faida haikutajwa. Faida inasubiri mazungumzo ya ana kwa ana, ambako inaweza kuelezwa pamoja na gharama zake. Angalia pia zile sentensi mbili za mwisho: zinampa mwandishi uhakika kwamba hatakuta stori hiyohiyo kwa mwenzake kesho, na zinakupa wewe uhuru wa kwenda kwa mwingine Jumamosi bila kuonekana msaliti. Kama mwandishi ni mtu mzima kuliko wewe, anza na shikamoo. Hapa kwetu hilo halipunguzi uzito wa kazi.

Asipojibu kwa siku mbili, piga simu mara moja, asubuhi. Jioni anaandika na kutuma kazi, na atakayepokea atakuwa mtu mwenye haraka. Sema jina lako, engo kwa sentensi moja, kisha nyamaza umsikilize. Akisema haiwezekani, muulize kinachokosekana. Jibu lake mara nyingi ni la thamani: "Hesabu zako ni za mtu mmoja, ungekuwa na wenzako watatu ningeweza."

Kuhusu fedha

Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyotoka, na nauli ni yao. Ugumu huo ni wa kweli na nauhurumia. Hata hivyo, usitoe bahasha. Maadili ya uandishi yanayosimamiwa na Baraza la Habari Tanzania yanakataza mwandishi kupokea rushwa, na stori iliyolipiwa hubadilika: anayelipwa haulizi swali la vibali, wasomaji wanaolijua swali hilo wanaona halikuulizwa, na lawama inakurudia wewe. Ukiombwa nauli, jibu kwa upole: "Dada, naogopa ikionekana nimekulipa, stori yenyewe haitaaminika. Nikutumie daftari na picha kwanza, uone kama safari itakulipa." Kupunguza safari yake ni halali: mkusanyie watu wote wa kuhojiwa mwaloni asubuhi moja ili asije mara tatu. Na ukitaka kusema unachotaka kwa maneno yako mwenyewe, nenda idara ya matangazo, lipa, udai stakabadhi. Huo ndio ule mlango mwingine.

Siku ya ziara

Usifagie mwalo wala kuwavalisha vijana fulana mpya. Mwandishi anataka kuona kazi. Weka mzani karibu na upime mbele yake: karai moja la dagaa wabichi asubuhi, na karai lingine lililokauka la mzigo wa siku zilizopita, ili aone mwenyewe uzito unavyopungua dagaa wakikauka. Mwonyeshe pia gunia lililoharibika. Picha ya dagaa walioota ukungu pembeni ya wazima inaeleza kazi yako kuliko maelezo ya nusu saa.

Amua usiku wa kuamkia siku hiyo mambo usiyotaka yaandikwe, kwa mfano mahali ghala lilipo au jina la anayekukopesha, na uyaseme kabla ya mahojiano kuanza. Ukishalisema jambo, kumwomba baadaye asiliandike ni kumtegemea huruma. Waombe ruhusa pia wafanyakazi wako kabla hawajapigwa picha.

Sikiliza maswali yake, maana yatakuonyesha stori inakoelekea. Akiuliza zaidi kuhusu mkopo wa halmashauri au ziara ya kiongozi kuliko vichanja, engo imehama. Mwambie wazi: "Mimi nina ushahidi wa akiba na hasara. Hilo la mkopo sina la kusema." Hatakasirika. Mwishoni usimwombe akuonyeshe makala kabla haijatoka, kwani karibu wote watakataa. Unaloweza kuomba, na wengi hukubali, ni akusomee namba zako kwa simu kabla hajatuma: 600, 36, 400, 100, na ile 2,892,000 kama umeitoa.

Baada ya kutoka

Isome mara moja ukiwa na daftari mkononi. Kosa la namba, tuseme kilo 36 zimeandikwa 360, lirekebishwe siku hiyohiyo: mtumie mwandishi sentensi iliyoandikwa, sentensi iliyo sahihi, na picha ya ukurasa wa daftari. Asipojibu, mwandikie mhariri ukiomba masahihisho. Jambo likiwa zito na wote wawili wakakaa kimya, Baraza la Habari hupokea malalamiko. Kichwa cha habari usichokipenda si kosa, na mara nyingi hakikuandikwa na mwandishi aliyekuja kwako.

Endelea kuandika daftari miezi hiyo mitatu, kila gunia linalofunguliwa na kila kilo inayotupwa, hata hasara ikizidi ya mwaka jana. Ziwa litakapofunguliwa Agosti, mtumie mwandishi yuleyule hesabu mpya na picha ya ukurasa wa mwisho.